Sifuri za Jumamosi

Kipkurui aliacha shule darasa la sita, na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Alianza katika kiwanda cha chai cha Chepkogei, upande wa Kaplong, akipakia magunia kwenye lori. Miaka ishirini na minane baadaye ndiye alikuwa mkubwa wa wakaguzi wa majani, na jina lake lilikuwa chini ya karatasi inayosomwa kuliko Biblia katika vituo thelathini na vinne vya kununulia chai.

Karatasi hiyo iliitwa Ripoti ya Majani. Kila siku ya kazi, mkaguzi wa kituo huchota konzi za majani kutoka magunia ya wakulima, akahesabu vichipukizi mia moja juu ya meza, akavitenga. Huku majani mawili na chipukizi, laini. Huku yale mazee na magumu ambayo mashine inayatema. Vizuri vikiwa themanini, siku hiyo kituo kimepata themanini kwa mia. Jumatatu, wastani wa wiki wa kila kituo unapangwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, karatasi inabandikwa ubaoni na picha yake inatumwa kwenye kundi la simu la wenyeviti. Watu huisoma kama matokeo ya mtihani. Kituo cha kwanza hutembea sokoni kimebeba mabega juu. Cha mwisho hupita njia ya nyuma.

Kwa wiki kumi na mbili, wa mwisho alikuwa Kapleset.

Jambo hilo lilimkera Kipkurui kama kijiwe ndani ya gambuti. Kapleset ni kituo kidogo juu ya mlima, na mwenyekiti wake, Chepkirui, ambaye wengi humwita Mama Gibson, alikuwa amekiongoza miaka tisa. Katika miaka hiyo yote hakikutoka katika tano bora. Mama huyo alikuwa na macho ya mwewe. Akiona jani gumu katika gunia lako, anakurudisha nyumbani nalo, uwe shemeji yake au uwe chifu. Sasa, tangu katikati ya mwezi wa tatu, kituo chake kilikuwa kikipata sitini na saba, sitini na sita, sitini na nane. Wiki ya Pasaka kilishuka mpaka hamsini na tatu.

Na sheria ya wakulima wenyewe ilikuwa wazi: kituo kikikaa chini ya sabini wiki kumi na mbili mfululizo, mwenyekiti anapigiwa kura ya kuondoka. Kura ya Mama Gibson ilikuwa imepangwa Jumatano inayokuja, saa nne asubuhi, pale pale kwenye kibanda cha kituo.

Kipkurui alikuwa ameshamwandikia barua tatu za onyo. Ya mwisho aliiandika kwa mkono, na haikuwa na adabu nyingi. Alimwambia kwamba amezeeka macho, na kama hawezi kutofautisha chai na nyasi ya ng'ombe, awapishe wengine.

Lakini mtu hafanyi kazi miaka ishirini na minane bila kupenda kuona kwa macho yake. Alhamisi kabla ya kura, aliwasha pikipiki akapanda mlima bila kumwambia mtu.

Alimkuta Onyancha, mkaguzi wa kituo, ameshafungua meza. Kipkurui alimsukuma kando kwa kiwiko, akavua koti, akachota mwenyewe kutoka magunia kumi ambayo aliyachagua mwenyewe, mengine kutoka chini kabisa ambako watu hufichia uchafu. Akahesabu mia moja. Akatenga. Akahesabu vizuri: themanini na moja. Akarudia kwa magunia mengine. Themanini.

Aliwaza kwamba wamepewa habari. Ijumaa akarudi, safari hii alasiri, kwa njia ya juu inayopitia msituni ambayo hakuna mtu anayeitumia. Akahesabu. Sabini na tisa.

Mama Gibson alikuwa amesimama kando ya mzani, mikono imefungwa kifuani, shuka limezungushwa mabegani kwa sababu ya ukungu. Hakuwa amemsalimu jana na leo pia hakumsalimu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakisukuma magunia mbele polepole, masikio yote yakiwa mezani.

Kipkurui aliuliza, kwa sauti ya kutaka kusikika, nani alikuwa akiwaambia kwamba anakuja. Watu wakatazamana. Akasema hawezi kudanganywa, kwamba majani haya si ya sitini na saba, kwa hiyo siku zingine wanaleta takataka na siku akija wanaleta chai. Akasema atakuja tena kesho asubuhi na mapema, na kesho kutwa akitaka, mpaka awakamate.

Hapo Mama Gibson akafungua mdomo, akamwita mzee kwa Kipsigis.

"Kesho njoo, boiyot. Utahesabu ukungu."

Wanawake wakacheka chini chini. Kipkurui akauliza kuna nini cha kuchekesha.

"Kesho ni Sabato," Mama Gibson akasema. "Tangu uanze kazi hapo kiwandani, umewahi kuona lori likipanda huku Jumamosi?"

Hakuwahi. Kapleset nzima ni Waadventista, toka mabonde ya juu mpaka mtoni. Jumamosi hata jembe halinyanyuliwi. Jambo hilo alilijua kama anavyojua jina la mama yake, na kwa kuwa alilijua sana, hakuwahi kulifikiria. Yeye mwenyewe ni wa Jumapili.

Alibaki ameshika kichipukizi kimoja kati ya vidole. Alikumbuka daftari lake la zamani, lile la jalada jeusi. Kabla ya mwezi wa tatu, ripoti alikuwa akiifanya kwa mkono, na kwenye mstari wa Kapleset, kila Jumamosi, alikuwa akichora kistari kidogo. Hakuna majani, hakuna hesabu. Mwisho wa wiki anajumlisha siku tano, anagawa kwa tano. Hakufundishwa na mtu. Ilikuwa akili ya kawaida tu.

Siku hizi hakuna daftari. Vikaratasi vya wakaguzi vinakwenda moja kwa moja kwa Nelvine wa ofisini, kwenye kompyuta, na Kipkurui anaona karatasi ya mwisho tu, ile ya Jumatatu yenye jina lake.

Alivaa koti. Alimuuliza Onyancha vikaratasi vya wiki hii vinasemaje. Onyancha, ambaye kwa wiki kumi na mbili alikuwa ameacha kula vizuri akingoja kuhamishwa, akamsomea nakala zake: themanini Jumatatu, sabini na nane Jumanne, themanini na mbili Jumatano, na jana na leo Kipkurui alizijua mwenyewe.

"Na mbona hukusema?" Kipkurui akauliza.

"Nilisema, mzee. Ulisema napika hesabu."

Ni kweli alikuwa amesema hivyo.

Nelvine alikuwa akifunga ofisi Kipkurui alipoingia na matope mpaka magotini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Bomet mjini, mwenye diploma na subira, na alikuwa ameshazoea mzee huyu kuingia bila kubisha hodi. Kipkurui alimwomba amfungulie Kapleset, siku moja moja, tangu mwanzo.

Nelvine akafungua. Mistari ikajipanga. Kipkurui akasogeza kiti, akavaa miwani, akafuata kwa kidole kwenye kioo. Wiki moja ilikuwa hivi: themanini na moja, sabini na tisa, themanini na mbili, sabini na nane, themanini. Halafu Jumamosi: sifuri. Jumla, mia nne. Kompyuta ilikuwa imegawa kwa sita. Sitini na saba.

"Ukigawa kwa tano?" akauliza, ingawa hesabu hiyo aliiweza kichwani.

"Themanini."

Nje mashine za kukaushia zilikuwa zikinguruma, na harufu ya chai mbichi ikiiva iliingia dirishani kama kawaida.

Kipkurui akamwambia afungue wiki ya Pasaka, na afungue vituo vyote. Ijumaa Kuu hakuna kituo kilichochuma. Chini ya siku hiyo kulikuwa na sifuri thelathini na nne, zimepangwa wima kama vikombe kwenye kabati. Wiki hiyo kila kituo kilishuka, na yeye, Kipkurui, alisimama mbele ya wenyeviti wote akawaeleza kwamba ni mvua ya mawe. Hata alieleza jinsi mawe yanavyopasua jani. Wenyeviti waliandika. Na mvua ya mawe ilikuwa imenyesha kweli, lakini upande mmoja tu.

Kapleset, wiki hiyo, ilikosa Ijumaa na Jumamosi. Siku nne zimegawiwa kwa sita. Hiyo ndiyo hamsini na tatu iliyomfanya aandike barua ya nyasi ya ng'ombe.

Nelvine alikuwa ameshika mdomo. Alisema polepole kwamba ni yeye aliyejaza zile sifuri, na kwamba atamwambia meneja mwenyewe.

"Nani alikuambia uzijaze?" Kipkurui akauliza.

Wote wawili walikumbuka ile simu ya mwezi wa tatu, wiki ya kwanza ya kompyuta, wakati Kipkurui alikuwa kwenye foleni ya maziwa, mkebe mkononi na mvua ikianza. Nelvine aliuliza: mzee, fomu haitaki kwenda mbele kama nimeacha nafasi wazi, kituo kisicholeta majani nikiandikie nini? Naye akasema: andika sifuri uendelee, mambo madogo hayo, nanyeshewa.

"Basi," Kipkurui akasema. "Usiende kwa meneja. Nitaenda mimi. Wewe rudia hesabu zote, vituo vyote, wiki zote kumi na mbili. Penye majani, gawa kwa siku za majani. Pasipo majani, weka kistari."

Nelvine akasema kuna shida nyingine ambayo amekuwa akiifikiria: siku ya kilo mia mbili na siku ya kilo elfu mbili zinahesabiwa sawa katika wastani, na labda hilo nalo lirekebishwe papo hapo.

"Hapana. Hilo ni neno la kweli, lakini si la leo. Ukimtoa mtu mwiba, usimng'oe na jino."

Jumamosi asubuhi Nelvine alimaliza. Kipkurui alichukua vituo vitatu, akarudia hesabu kwa kalamu nyuma ya bahasha, na majibu yakalingana. Vituo kumi na sita vilibadilika Pasaka pekee. Kumi na saba vilikuwa pia na siku moja mbili ambazo lori lilikwama, hasa wiki ya mwezi wa tano daraja lilipobebwa na maji. Hakuna kilichobadilika kama Kapleset. Wastani wake wa wiki kumi na mbili ulipanda kutoka sitini na sita hadi themanini. Kilikuwa cha mwisho. Sasa kilikuwa cha pili. Na Chemoiwa, kituo cha nyumbani kwake Kipkurui, ambako mkewe mwenyewe huuza, kilitoka cha pili kikawa cha tatu. Alilitazama hilo kwa muda, akakohoa, akaingia kwa meneja.

Meneja, Danson Kinuthia, hakuwa mtu mbaya. Alitoka Murang'a, alijua chai na alijua watu, na kwa miaka minne alikuwa amekinyoosha kiwanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikubali hesabu ilikuwa na makosa, alikubali kura ya Jumatano ifutwe, na alikubali tangazo liandikwe. Halafu akageuza kompyuta yake akaandika mwenyewe, haraka, kama mtu aliyeandika matangazo mengi, akamsomea. Lilianza hivi: kufuatia maboresho endelevu ya mfumo wetu wa takwimu, wadau wanajulishwa kwamba baadhi ya viwango vimesawazishwa.

Kipkurui akauliza ni nani anaombwa msamaha hapo.

Kinuthia akatabasamu, akasema msamaha umo ndani. Kipkurui akasema amesikiliza vizuri na hajauona. Akasema mkulima akisoma hilo ataelewa kwamba mashine imepakwa mafuta.

Meneja akavua miwani. Akaeleza woga wake, na haukuwa wa kijinga. Alisema ukimwambia mkulima kwamba ulikosea hesabu moja, kesho atauliza hesabu zote. Atasema na mzani unadanganya, na malipo yanadanganya. Watu watajaa getini.

"Kwa hiyo tuwaambie ni ipi imekosewa na ni ipi haijakosewa," Kipkurui akasema. "Kilo zinatoka kwenye mzani na kila mtu ana risiti yake. Hazipiti kwenye ripoti hii hata kidogo. Tukiliandika hilo wazi, atakayetaka ashike risiti yake alinganishe. Tukificha, ndipo watajaa getini. Hii si siri ya kufichika, Danson. Mtoto wa darasa la sita anaweza kugawa mia nne kwa tano. Mimi ni shahidi."

Kinuthia akacheka bila kutaka. Akauliza, sasa akinong'ona, kama wanaweza angalau kusema ni hitilafu ya kompyuta.

"Kompyuta ilifanya ilivyoambiwa. Iliambiwa na mimi. Weka jina langu. Hata hivyo liko chini ya karatasi wiki zote kumi na mbili, likipokea sifa."

Meneja alizungusha kalamu juu ya meza. Mwishowe akafuta alichoandika, akamsukumia Kipkurui karatasi tupu na kusema kwamba yeye atasahihisha herufi tu.

Iliwachukua Kipkurui na Nelvine mpaka saa saba mchana. Mzee alisema, msichana akaandika, akauliza maswali. Nelvine ndiye aliyesema ni lazima waseme makosa yalianza lini na kuisha lini, la sivyo watu watatilia shaka hata ripoti za mwaka jana. Ndiye aliyesema namba ya zamani na mpya ziwekwe bega kwa bega. Kipkurui ndiye aliyekataa neno "takwimu" na neno "wadau". Walipomaliza, lilisomeka hivi:

"Kwa wenyeviti, wakaguzi na wakulima wote wanaosoma Ripoti ya Majani.

Ripoti zetu za wiki kumi na mbili, tangu katikati ya mwezi wa tatu hadi wiki iliyopita, zilikuwa na makosa. Siku ambayo kituo hakikuleta majani tuliihesabu kama siku ya majani mabaya, tukaiandikia sifuri, tukagawa kwa siku sita. Haikuwa haki. Siku bila majani haina uzuri wala ubaya.

Kuanzia leo tunagawa kwa siku ambazo majani yalikaguliwa tu. Siku bila majani itakuwa na kistari, na tumeongeza safu inayoonyesha kituo kilikaguliwa siku ngapi. Namba za zamani na mpya za kila kituo ziko nyuma ya karatasi hii. Zing'oeni za zamani ubaoni.

Wiki ya Pasaka vituo vyote vilishuka kwa sababu hiyo. Niliwaambia ni mvua ya mawe. Haikuwa mvua ya mawe.

Kilichoumia zaidi ni Kapleset, ambacho hakichumi Jumamosi. Tulikiweka cha mwisho. Ni cha pili. Barua tatu za onyo nilizokiandikia nimezifuta, na kura ya Jumatano haipo tena.

Kilo na malipo yenu hayakuguswa. Hayo yanatoka kwenye mzani, na risiti ni yako. Ripoti za kabla ya katikati ya mwezi wa tatu ni sahihi. Ukiona namba usiyoielewa, nipigie au mpigie Nelvine ofisini.

Makosa yalikuwa yangu. Naomba radhi.

J. Kipkurui, Mkubwa wa Wakaguzi."

Kinuthia alisahihisha herufi mbili. Aliposoma mstari wa mvua ya mawe alitazama juu, kisha akarudi kwenye karatasi. Akapiga muhuri.

Jumatatu asubuhi picha ilikwenda kwenye kundi la wenyeviti, na kwa robo saa simu ya Kipkurui ililia kama ndama aliyeachwa. Wengi waliuliza swali moja tu, kama kilo ni sawa, na alipowaambia waangalie risiti waliridhika. Wengine walikuwa na mengine. Mwenyekiti wa Chemoiwa, jirani yake wa mpakani, aliandika mbele ya watu wote kwamba sasa wanajua nani aliwauza. Mwingine akaandika kwamba asanteni, mwaka huu bima ya mvua ya mawe tutamdai Kipkurui. Kundi zima likacheka siku nzima, na kundi linalocheka halijai getini.

Karatasi ya Kapleset aliipeleka mwenyewe. Ubaoni zilikuwa bado zimebandikwa zile za zamani, moja juu ya nyingine, na ile ya hamsini na tatu ilikuwa na matundu, kana kwamba mtu aliichoma kwa kijiti. Akazing'oa zote. Akabandika mpya kwa misumari minne, akaacha sehemu ya nyuma iinuliwe kama mlango ili watu wasome namba.

Onyancha aliisoma kwa sauti, na waliokuwa mbali wakatafsiriwa kwa Kipsigis na waliokuwa karibu. Aliposoma "Ni cha pili", mtu mmoja nyuma ya magunia akapiga kigelegele kifupi, akanyamaza kwa aibu. Onyancha mwenyewe alilazimika kusimama kidogo apanguse miwani.

Mama Gibson alisikiliza mpaka jina la mwisho. Halafu akaja akasimama mbele ya ubao, akaisoma tena mwenyewe, polepole, kidole kwenye kila mstari, kama Kipkurui alivyofanya kwenye kioo cha Nelvine.

"Imekosa kitu," akasema.

Kipkurui akauliza nini.

Mama Gibson akaeleza, na hakupandisha sauti. Namba zilipoanza kushuka, aliamini macho yake ndiyo yamekosea. Ripoti haikosei, alijiambia, ina muhuri. Basi akakaza. Akawarudisha watu na majani ambayo miaka yote tisa alikuwa akiyapokea. Akawaambia wachume ncha tu. Kuna waliopoteza gunia zima, wakamwagia ng'ombe. Na mmoja wao alikuwa mama mkwe wake, mama wa miaka sabini na sita, ambaye alirudishwa mara mbili siku moja na tangu siku hiyo hajaonja uji wa nyumba ile. Wiki ya sita sasa.

"Barua yako inasema majani ya Kapleset ni mazuri," akamaliza. "Haisemi kwamba yale niliyoyarudisha yalikuwa mazuri pia. Mimi nikisema, ni maneno ya mwenyekiti anayetaka kiti. Sema wewe."

Kipkurui alifikiri. Majani yale yalikuwa yamekwenda, tumboni mwa ng'ombe, na hakuna ripoti ya kuyarudisha. Na hakuyaona, kwa hiyo hakuweza kuapa juu ya kila gunia. Alichoweza kusema kwa ukweli kilikuwa kidogo zaidi, na alikisema wazi, kwamba ataandika kile anachokijua.

Akaomba kalamu. Akaegemea ubao, na chini ya jina lake akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za mtu wa darasa la sita: Wiki hizo kumi na mbili mwenyekiti wa Kapleset alikaza kuliko kipimo kwa sababu ya namba zetu mbaya. Waliorudishwa walirudishwa na sisi, si na yeye. Akatia sahihi, akaandika tarehe.

"Na maneno ya macho na nyasi?" mtu akauliza kutoka nyuma. Ile barua, kumbe, kituo kizima kiliijua.

Kipkurui akageuka. Akasema macho ya Mama Gibson hayana neno, na kwamba nyasi ya ng'ombe aliila yeye. Wakacheka, na safari hii Mama Gibson alicheka nao, mkono ukiwa mdomoni.

Mstari ukaanza kusogea tena. Lori lilisikika likipanda kona ya chini, na watu wakaharakisha magunia. Katikati ya mstari alikuwa bibi mmoja mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, gunia lake dogo likibebwa na jirani. Alikuwa amesimama hapo muda wote. Hajui kusoma, lakini alikuwa amesomewa mara mbili, na ya pili aliiomba mwenyewe.

Gunia lake lilipofika mezani, Onyancha akamtazama mwenyekiti. Mama Gibson akaingiza mkono, akachota konzi kutoka chini, akaitandaza juu ya meza. Akatenga kama kawaida, haraka, huku na huku. Kati ya vile vizuri kulikuwa na kimoja chenye jani la tatu, kirefu kidogo, chenye shina linaloanza kukaza. Wiki iliyopita angemrudisha. Akakikunja kati ya vidole. Kikakunjika bila kuvunjika. Laini.

"Pita, Mama," akasema.

Bibi akapokea risiti yake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Hakutabasamu. Alimtazama Kipkurui kutoka gambuti mpaka kofia.

"Wewe ndiye wa hesabu?" akamuuliza kwa Kipsigis.

Kipkurui akakubali kwamba ni yeye.

"Jumamosi njoo kanisani kwetu, ukae ibada nzima," bibi akasema. "Ujue tulikuwa tunafanya nini siku za sifuri."

Akamgeukia mke wa mwanawe, akauliza kama jioni kuna uji, au hata uji sasa unahitaji barua.